Jedwali la maziwa na mistari elfu tatu

Machi 2024 nilikabidhiwa daftari la mapokezi la kituo kimoja cha kukusanyia maziwa, niliingize kwenye kompyuta. Lilikuwa daftari la heshima. Upande wa kushoto, kutoka juu kwenda chini, namba na majina ya wanachama 48. Juu, kutoka kushoto kwenda kulia, tarehe 31 za mwezi, na chini ya kila tarehe vijisafu viwili: Asubuhi na Jioni. Ukitaka kujua mwanachama fulani alileta lita ngapi jioni ya tarehe 9, unaweka kidole kwenye jina lake, kidole kingine kwenye tarehe, unavikutanisha. Pembeni kabisa kulikuwa na safu ya Jumla, na chini kabisa mstari wa Jumla.

Jedwali la namna hiyo, lenye vichwa pande mbili, limetengenezwa kwa ajili ya jicho na kalamu. Karani aliyesimama mlangoni saa kumi na mbili asubuhi, ndoo zimepangwa foleni, hawezi kuandika tarehe na zamu mara 48. Anaiandika mara moja juu, kisha anajaza lita tu.

Shida ilianza mwenyekiti aliponiuliza swali ambalo daftari halikuandaliwa kulijibu. "Karani, jioni hizi tunapokea wastani wa lita ngapi kwa mtu? Na siku zipi zinatuangusha?" Nilijaribu kuandika fomula. Ilinibidi niruke safu moja moja, C ndiyo, D hapana, E ndiyo, mpaka safu ya 62. Nilikosea mara mbili na nisingejua kama mwenyekiti hangeshangaa jibu.

Kompyuta haikutanishi vidole kama sisi. Inachokielewa vizuri ni safu yenye jina moja na aina moja ya habari. Katika jedwali letu kulikuwa na habari tano: namba ya mwanachama, jina, tarehe, zamu na lita. Namba na jina zilikuwa na safu zao. Tarehe na zamu hazikuwa na safu yoyote, zilikaa juu kama vichwa. Lita ndizo zilizotapakaa kwenye safu 62. Kwa hiyo huwezi kuiambia kompyuta "chuja jioni", kwa sababu hakuna safu iitwayo Zamu ya kuchuja. Mtakwimu Hadley Wickham wa New Zealand aliiweka kanuni hii wazi katika makala yake ya 2014: kila kigezo kiwe na safu yake, na kila tukio lililopimwa liwe na mstari wake.

Tukate kipande kidogo cha daftari, wanachama watatu na siku mbili. Vichwa nimevifupisha, A ni asubuhi na J ni jioni:

```
Namba   1 A   1 J   2 A   2 J
004     6.5   4     6
011     8     5.5   7.5   5
017     3     0     3.5   2
```

Kila kisanduku cha ndani ni tukio moja la kupokea maziwa, kwa hiyo kila kisanduku kinastahili mstari wake. Watu watatu mara siku mbili mara zamu mbili ni mistari 12. Minne ya kwanza ni hii:

```
Namba  Tarehe      Zamu     Lita
004    2024-03-01  Asubuhi  6.5
004    2024-03-01  Jioni    4
004    2024-03-02  Asubuhi  6
004    2024-03-02  Jioni
```

Orodha hii inachosha kuisoma, kwani namba na tarehe zinajirudia. Lakini kila mstari unajitegemea. Ukiutoa peke yake bado unajua ni nani, lini, zamu gani na kiasi gani.

Nilifanya kazi hii kwa Excel, kwa chombo kinachoitwa Power Query, ambacho kuanzia toleo la 2016 kimo ndani ya programu yenyewe. Lakini saa nzima ya kwanza sikukigusa. Niliitumia kusafisha vichwa, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Tarehe zilikuwa kwenye visanduku vilivyounganishwa, kila tarehe ikifunika Asubuhi na Jioni yake. Ukivitenganisha visanduku hivyo, tarehe inabaki kwenye cha kushoto tu na cha kulia kinakuwa kitupu. Kwa hiyo niliuchagua mstari mzima wa tarehe, nikabonyeza F5, nikaenda Special kisha Blanks ili vitupu peke yake vichaguliwe, nikaandika alama ya sawasawa, nikabonyeza mshale wa kushoto, nikamaliza kwa Ctrl+Enter. Kila kitupu kikachukua tarehe ya jirani yake.

Bado vichwa vilikuwa vya mistari miwili, na chombo kinataka mmoja. Nikaongeza mstari wa tatu unaounganisha vyote viwili kwa kifimbo cha wima:

```
=TEXT(C$1,"yyyy-mm-dd")&"|"&C$2
```

Kazi ya TEXT hapo si mapambo. Ndani ya Excel tarehe ni hesabu ya siku, na ukiiunganisha na neno bila TEXT utapata 45352|Asubuhi badala ya tarehe 1 Machi 2024. Pia nilitanguliza mwaka kwa makusudi. Tarehe iliyoandikwa 3/4 inasomwa tarehe 3 Aprili kwenye kompyuta moja na Machi 4 kwenye nyingine, wala hakuna onyo lolote linalotokea. Baada ya hapo niliugeuza mstari huo kuwa maandishi ya kudumu kwa Paste Values, nikaifuta mistari miwili ya juu yake, nikaifuta safu ya Jumla na mstari wa Jumla.

Kilichobaki kilikuwa chepesi. Nililifanya eneo lote kuwa jedwali kwa Ctrl+T, nikaingia Data, From Table/Range. Ndani ya Power Query nilichagua safu mbili tu, Namba na Jina, nikabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua Unpivot Other Columns. Safu 62 zikakunjwa zikawa mbili: Attribute yenye vichwa vya zamani, na Value yenye lita. Nikaipasua Attribute kwenye kile kifimbo kwa Split Column, nikapata tarehe na zamu. Nasisitiza uchague zile safu zinazobaki wala si zile zinazokunjwa, kwa sababu mwezi wenye siku 30 ukija na vichwa vingine, hatua hiyo ya kukunja itafanya kazi bila kuguswa.

Nikahesabu mistari. Wanachama 48 mara safu 62 ni 2,976. Kwenye skrini ilikuwa 2,731. Mistari 245 haikuonekana.

Power Query inapokunja safu huacha nje kila kisanduku kitupu. Haisemi, inaviacha tu. Wakati mwingine hilo halina madhara, lakini kwenye maziwa lina maana kubwa. Rudi kwenye kipande chetu. Mwanachama 017 ana 0 jioni ya tarehe 1: alileta, maziwa yakakatika kwenye kipimo cha alikoholi, yakakataliwa. Mwanachama 004 jioni ya tarehe 2 hana kitu: hakuleta kabisa. Lita zote za jioni hapo ni 16.5. Ukigawa kwa mistari mitano iliyobaki baada ya kitupu kuachwa, wastani ni 3.3. Ukigawa kwa nafasi zote sita za kuleta maziwa, ni 2.75. Majibu yote mawili ni halali, ila yanajibu maswali mawili tofauti: mtu anapoleta analeta kiasi gani, na mwanachama anaipa jioni ya kawaida kiasi gani. Mwenyekiti alikuwa anauliza la pili.

Dawa niliyotumia ni kuvijaza vitupu kabla ya kukunja. Ndani ya Power Query nilizichagua safu 62, nikatumia Replace Values kubadili `null` kuwa -1, nikakunja, kisha kwenye safu ya Value nikairudisha -1 kuwa `null`. Lita haziwezi kuwa pungufu ya sifuri, kwa hiyo namba hiyo haikuweza kugongana na maziwa ya mtu. Usiweke 0, utamfananisha asiyeleta na aliyekataliwa. Safari hii mistari ilitimia 2,976.

Idadi ya mistari ni kipimo cha kwanza. Cha pili ni jumla ya lita, ambayo lazima ilingane na ile ya daftari. Kwenye kipande chetu kidogo ni 51, iwe kwenye jedwali au kwenye orodha. Na ikikosea, namna inavyokosea inakuonyesha pa kutazama. Ukipata 102, mara mbili kamili, ujue safu ya Jumla au mstari wa Jumla umekunjwa pamoja na lita. Ukipata 204, mara nne kamili, vyote viwili vimeingia. Ikiwa pungufu kidogo, tafuta visanduku vyenye neno badala ya namba, mathalani "6 na nusu", ambavyo Power Query huviandika Error unapoifanya safu kuwa ya namba.

Anayetumia Google Sheets anaweza kufika hapohapo kwa fomula moja, baada ya kusafisha vichwa kama nilivyoeleza:

```
=ARRAYFORMULA(SPLIT(FLATTEN(A2:A49&"|"&C1:BL1&"|"&C2:BL49),"|"))
```

Hii haiachi vitupu nje, mstari unabaki ila lita hazina kitu. Lakini itaigeuza 004 kuwa 4, na tarehe zikitokea kama hesabu ya siku utazipa upya umbo la tarehe. Wanaoandika kwa R wana `pivot_longer`, wa Python wana `melt` ya pandas, na zote mbili kwa kawaida huvibakiza vitupu.

Nilipokuwa na orodha kamili niliiwekea PivotTable: tarehe upande wa kushoto, zamu juu, ndani hesabu ya waliopelekewa kalamu. Ndiyo, ni jedwali lenye vichwa pande mbili tena, ila sasa linajitengeneza lenyewe kutoka kwenye orodha, na nikitaka siku za juma badala ya tarehe naongeza safu moja. Jioni ya tarehe 14 ilitoka sifuri. Kati ya vile vitupu 245, 48 vilikuwa vya jioni ile moja.

Nilimwonyesha mwenyekiti. Akakaa kimya kidogo. "Siku ile gari la mnunuzi lilizama kwenye tope, tukafunga kituo. Watu walirudi na ndoo zao."

Basi hao 48 hawakuwa watu wasioleta. Niliongeza safu iitwayo Kituo, nikaandika "kilifungwa" kwenye mistari yao 48, nikaiondoa kwenye wastani wa jioni. Mwezi wa nne niliupachika chini ya ule wa tatu, mistari 2,880, bila kubadili fomula hata moja.