Mulango wa kuingia na mulango wa kutoka: kupanga depo ya mahindi

Koperative moja ya upande wa barabara ya Kasenga iliniita kuangalia depo yao mupya. Ilikuwa mwezi wa kwanza, wakati mahindi yanatafutwa sana Lubumbashi na bukari ni bei. Mifuko ya mbele ilikuwa mizuri. Tulipofika nyuma, karibu na ukuta, unga ulikuwa unamwagika kwenye mifuko na fukusi walikuwa wanatembea juu ya mikono yetu. Mahindi yale ndiyo yaliingia ya kwanza, mwezi wa tano. Hakuna aliyeyagusa tangu siku ile.

Depo ilikuwa na milango miwili, mumoja mbele na mumoja nyuma, inaangaliana. Plani ilikuwa nzuri kwenye karatasi: mifuko inaingia nyuma, inatoka mbele, ya kwanza kuingia inatoka ya kwanza. Lakini nyuma ya depo kulibaki metre sita tu mpaka ukuta wa jirani. Kamio haiwezi kugeuka pale. Kwa hiyo mulango wa nyuma ulifungwa, mifuko ikapangwa mpaka juu yake, na depo ya milango miwili ikawa ya mulango mumoja. Kila muzigo mupya ulisimama mbele ya ule wa zamani.

Papa mwenye kutunza depo aliniuliza: “Agronomu, sasa tubomoe?” Hapana. Lakini wanaotaka kujenga wanapaswa kuchagua kabla ya kuchimba musingi, na uchaguzi ni kati ya njia mbili. Ya kwanza ni njia iliyonyooka: mifuko inaingia upande mumoja, inapita ndani, inatoka upande wa pili. Ya pili ni njia ya U: milango yote miwili iko kwenye ukuta mumoja, muzigo unaingia, unazunguka, unatoka karibu na pale ulipoingilia.

Wengi husema njia iliyonyooka ni bora kwa sababu wanaoingiza hawagongani na wanaotoa. Kwa duka kubwa la mujini ni kweli, kama kamio za Kasumbalesa zinashusha asubuhi na wauzaji wadogo wanabeba saa ile ile. Lakini muangalie kalenda yenu wenyewe. Mavuno yanaingia depo kuanzia mwezi wa tano, kiangazi, kidogo kidogo, na kinga na pikipiki. Mahindi yanatoka hasa kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili, kwa kamio, mvua inanyesha. Kuingia na kutoka karibu havikutani siku moja. Ugomvi ambao njia iliyonyooka inaumaliza, ninyi hamunao sana.

Njia ya U, kwa upande wake, inawapa kiwanja kimoja, mizani moja na zamu mumoja mwenye kuona milango yote akikaa kwenye kiti chake. Kamio ya tani kumi inahitaji nafasi wazi ya karibu metre kumi na nane mbele ya mulango ili irudi nyuma vizuri. Kwa njia iliyonyooka, kama kamio inatumia pande zote mbili, nafasi hiyo munaihitaji mara mbili. Parsele nyingi hazina.

Tatizo la U ni lile nililoliona kule: mifuko mipya kuziba ya zamani. Dawa yake iko katika namna ya kupanga malundo. Tuseme depo yenu ina metre 20 kwa 10, na milango iko kwenye ukuta murefu, wa kuingilia kushoto, wa kutokea kulia. Acheni metre tatu zote za mbele wazi, kutoka ukuta mpaka ukuta, hapo ndipo watu wanapita na kupima. Nyuma ya nafasi hiyo wekeni malundo matatu, yamepakana na njia za metre moja, na metre moja tena kati ya malundo na kuta. Mahindi ya kwanza yanakwenda lundo la kulia, karibu na mulango wa kutokea, halafu la katikati, halafu la kushoto. Wakati wa kuuza, munaanza kulia na munalimaliza lundo lote kabla ya kugusa lingine. Musiongeze mifuko mipya juu ya lundo la zamani, hata kama imebaki nafasi. Kila lundo linabeba fishi yake yenye tarehe. Kama fishi ya lundo linalouzwa ni ya tarehe mupya kuliko ya jirani yake, njia yenu imeshavunjika, hata kabla fukusi hawajaonekana.

Na kama munachagua njia iliyonyooka, wekeni milango katikati ya kuta ndefu, si kwenye kuta fupi. Watu hupenda kuta fupi, depo inaonekana kama kanisa. Lakini njia ya metre tatu inayopita urefu wote wa depo ile ile inakula nafasi nyingi. Nilihesabu: milango ikiwa kwenye kuta fupi zinabaki karibu metre za mraba 85 za malundo, ikiwa kwenye kuta ndefu zinabaki 105. Mukipanga mpaka metre tatu juu, tofauti ni zaidi ya tani 30 za mahindi. U niliyoeleza inatoa karibu 96.

Kuna jambo moja ambalo linaweza kubadilisha uamuzi wote: udongo unainama au hapana. Kinga inafika chini, lakini sanduku la kamio liko metre moja na zaidi juu ya ardhi. Kama sakafu ya depo iko chini, wabebaji wanainua kila mufuko mpaka juu ya kichwa, na mifuko inapasuka. Kama sakafu imeinuliwa metre moja, kamio inapakiwa kwa kutembea tu, lakini mama mwenye mufuko juu ya kinga anahitaji mupando mulaini wa metre kumi ili afike mulangoni. Parsele ikiwa imeinama, mulimo unafanyika wenyewe: wekeni mulango wa kuingilia upande wa juu, sawasawa na udongo, na wa kutokea upande wa chini, ambapo kamio inasimama chini ya sakafu. Hapo njia iliyonyooka inashinda, mradi upande wa chini uwe na zile metre kumi na nane, na upande wa juu muchimbe mufereji wa kupotosha maji. Parsele ikiwa tambarare, chukueni U na mupando upande wa kushoto.

Pesa ya bati ikiwa kidogo, musiigawe sawa. Mulango wa kuingilia unafanya kazi kiangazi. Upenu murefu, wa metre mbili, uende juu ya mulango wa kutokea, kwa sababu ndio unaofunguka wakati wa mvua. Na kabla ya kuuchagua ukuta, waulizeni wazee wa kijiji mvua kubwa inapiga kutoka upande gani.

Kule barabara ya Kasenga hatukubomoa. Tulifungua mulango wa pili kwenye ukuta wa mbele, tukaziba ule wa nyuma kwa matofali, na malundo yakapangwa upya kwa fishi. Mahindi ya mwezi wa tano yalichekechwa. Yale yaliyobaki mazima yaliuzwa, mengine yalikwenda kwa kuku.