Mtu Mmoja, Tambulisho Mbili

Chukua chama cha akiba na mikopo, SACCOS ya mjini, yenye wafanyakazi wasiozidi 20. Kimeajiri Meneja wa Mikopo, mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Meneja Mkuu ana kazi ya kumtambulisha mara mbili ndani ya wiki moja, kwanza kwenye kikao cha Bodi, kisha kwa wafanyakazi. Wengi huandika maneno mara moja na kuyasoma kote. Matokeo yake, ama Bodi inasikia soga, ama wafanyakazi wanasomewa wasifu wa kuombea kazi.

Tuanze na Bodi. Wajumbe wake wamechaguliwa na wanachama, na mkutano mkuu utakapofika ndio watakaoulizwa fedha zimekwenda wapi. Wanachotaka kujua ni kama mtu huyu amepatikana kwa utaratibu, ana sifa gani, na nani atambana mikopo chechefu ikiongezeka. Tena kinachosemwa pale kinaingia kwenye muhtasari, na mkaguzi anaweza kuusoma baadaye. Kwa hiyo Meneja Mkuu aseme hivi:

“Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe, kwa heshima naomba kumtambulisha kwenu Bi. Fulani bint Fulani, aliyeajiriwa kuwa Meneja wa Mikopo baada ya usaili. Ni mhasibu aliyesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, na amesimamia mikopo kwa miaka 9. Atawajibika kwangu, na kila mwezi ataandaa taarifa ya mikopo chechefu itakayoletwa mbele ya Kamati ya Mikopo.”

Hapo hakuna sifa isiyo na ushahidi. “Mchapakazi” na “mwadilifu” hayamo, kwa sababu Bodi haiwezi kuyapima siku ya kwanza. Miaka 9 inapimika, na usajili unaweza kuulizwa. “Ndugu Mwenyekiti” nayo inatosha kwa ushirika wa Tanzania. Kumwita mwenyekiti “Mheshimiwa” kunaleta harufu ya bungeni mahali ambapo wote ni wanachama.

Siku ya pili, wafanyakazi wamesimama karibu na kaunta kabla milango haijafunguliwa. Wao swali lao ni jingine: nimpelekee nini, nisimpelekee nini, na nimwiteje?

“Jamani, habari za asubuhi. Huyu ndiye Meneja wetu wa Mikopo, Bi. Fulani. Kazi hii aliianzia kaunta, akipokea fomu kama mnavyofanya nyinyi, na sasa ana miaka 9 ndani yake. Fomu za mikopo mlizokuwa mkiniletea mimi, kuanzia leo mpelekeeni yeye. Likizo na masurufu bado ni kwangu. Wiki hii atapita kila dawati. Mwambieni kinachokwamisha marejesho, hata kama ni mimi.”

Usajili wake umeachwa, si kwa kufichwa, ila kwa sababu mtu wa kaunta hauhitaji leo. Kilichoingia badala yake ni kaunta, ambayo Bodi haikuihitaji. Miaka 9 imebaki kote.

Penye mtego mkubwa ni jina. Meneja Mkuu mwenye umri wa babake, akitaka kuchangamsha, husema “huyu mdogo wetu” au “dada yetu”. Amekusudia wema. Lakini katika chumba hicho yumo afisa mikopo mwenye miaka hamsini, ambaye kuanzia leo fomu zake zitarudishwa na huyo huyo aliyeitwa mdogo. Akishamsikia bosi akimwita hivyo, kukataliwa fomu kutakuwa kukosewa adabu na mtoto. Undugu wa maneno ujengwe na wafanyakazi wenyewe kadiri wanavyozoeana, bosi atumie “Bi.” hata anapocheka. Na amuulize mwenyewe mapema anapenda kuitwaje, maana wapo wanaopendelea jina la kwanza na wapo wasiotaka kuitwa “mama” kabisa.

Kosa la pili ni kubadili habari pamoja na sauti. Ukiiambia Bodi kwamba amekuja kupunguza watu, kisha ukawaambia wafanyakazi amekuja kuwasaidia tu, umetambulisha watu wawili. SACCOS ni ndogo, na mjumbe wa Bodi ni shemeji wa mtu fulani pale kaunta. Njia ya kujipima ni kubadilishana karatasi akilini: mfanyakazi akiisoma ile ya Bodi ataona maneno mazito kuliko aliyoyasikia, lakini asikute kazi asiyoijua wala mamlaka aliyofichwa. Akikuta, irekebishe ile ya wafanyakazi kabla ya kusimama, na useme wazi kwamba mgawanyo wa kazi utapitiwa upya.

Mpangilio nao una maana. Bodi ikutane naye kwanza, walau kwa siku moja. Wafanyakazi wakitangulia, mjumbe atapata habari dukani kutoka kwa mwanachama, na kikao kitakapoanza swali la kwanza halitahusu sifa zake bali kwa nini Bodi imekuwa ya mwisho kujua.