Mafua ya bweni kwenye mstari mmoja

Januari 1978, mafua yalivamia shule ya bweni ya wavulana huko Uingereza. Walikuwa 763, na inadhaniwa aliyeyaleta ni mmoja tu.

Kermack na McKendrick walishaonyesha mwaka 1927 namna ya kuhesabu janga la aina hii. Gawa watu katika makundi matatu: wanaoweza kuambukizwa (S), wagonjwa (I) na waliopona. Kasi ya I na kasi ya S kila moja hutegemea muda, lakini ukigawa ya kwanza kwa ya pili, muda unatoweka. Inabaki fomula moja, ambayo kwa shule ile ni:

I = 763 − S + 202 ln(S/762)

Hiyo 202 ni kasi ya kupona ikigawanywa kwa kasi ya kuambukiza. Wataalamu waliikadiria kutoka kwenye takwimu za shule. Chora S mlalo na I wima. Janga linaanzia kulia, S ikiwa 762, na kwenda kushoto. Wagonjwa wanaongezeka hadi S ifike 202, ambapo wanakuwa 293. Kweli, siku mbaya kuliko zote vitanda vilikaribia 300.

Kisha mchoro unashuka hadi sifuri, S ikiwa kama 19. Ugonjwa unakwisha ilhali wapo ambao haujawagusa!

Hapo ndipo pa kuwa na tahadhari: fomula inadai 744 waliambukizwa, lakini waliolazwa walikuwa 512. Aliyelazwa haraka haambukizi tena wenzake, na fomula hii haimtofautishi na aliyepona.