Dola ikipanda unalia, ikishuka unalia: forwadi au opsheni?

Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa inauzwa karibu shilingi 160. Mwaka mmoja nyuma ilikuwa chini ya 125. Ukiwa na duka la pampu za maji hapa Makutano, Meru, na unaagiza mzigo kutoka Uchina, hizo namba hukuhitaji kuzisoma gazetini. Uliziona kila ulipolipa ankara.

Kisha mambo yakageuka. Kulikuwa na deni la Yurobondi la dola bilioni 2 lililotakiwa kulipwa Juni mwaka huo, na watu wengi walihofia serikali ingekosa pesa. Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwa Yurobondi mpya na kuanza kununua ile ya zamani kabla ya siku yake. Wiki hiyo hiyo bondi ya miundombinu yenye riba ya zaidi ya asilimia 18 ikavuta wageni walioleta dola zao. Hofu ikaisha, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 131.

Kwa mwagizaji hizi ni habari njema, sivyo? Inategemea ulikuwa umetia sahihi nini Januari.

Tuchukue mfano. Ni wa kubuni, lakini bei zake zinafanana na za wakati ule. Mwagizaji ana duka Makutano na wateja wake ni wakulima wa viazi wa Kibirichia na wa ndizi wa Mitunguu. Ameagiza pampu 200, kila moja dola 200, jumla dola 40,000. Muuzaji wa Uchina amempa siku 90, kwa hiyo malipo ni mwisho wa Aprili. Pesa hizi si za kutuma kwa simu. Kikomo cha muamala mmoja ni shilingi 250,000. Inabidi aende benki, kwenye dawati la fedha za kigeni.

Dawati linampa njia mbili za kujikinga.

Ya kwanza ni mkataba wa forwadi. Benki inamwambia: tukubaliane leo kwamba mwisho wa Aprili utanunua dola 40,000 kwa shilingi 164 kila moja. Halipi chochote leo, ingawa benki itataka awe na limiti ya mkopo au aweke amana fulani.

Mbona 164 na bei ya leo ni 160? Wengi hudhani benki inabashiri kwamba dola itapanda. Hapana. Ni hesabu ya riba tu. Benki inaweza kununua dola leo na kumwekea mteja, lakini shilingi inazotumia zingezaa riba ya karibu asilimia 16 kwa mwaka kwenye hati za hazina za wakati huo, huku dola zikizaa karibu asilimia 5 na nusu. Tofauti hiyo, kwa miezi mitatu, ndiyo hizo shilingi 4. Kwa hiyo bei ya forwadi haikuambii dola inaenda wapi. Tafadhali usiitumie kama utabiri.

Njia ya pili ni opsheni ya kununua dola. Hapa benki inampa haki ya kununua dola 40,000 kwa 164 mwisho wa Aprili, lakini hailazimu. Siku hiyo akikuta dola sokoni ni ghali kuliko 164, anatumia haki yake. Akikuta ni rahisi zaidi, anaiacha opsheni ife na kununua dola kwa bei ya soko kama mtu mwingine yeyote. Kwa haki hiyo analipa ada leo, na ada hairudi. Tuseme ni shilingi 4 kwa kila dola, yaani 160,000 kwa mzigo wote.

Hapo ndipo watu husita. Shilingi 160,000 taslimu, na huenda usipate kitu! Ni kama bima ya gari: mwaka ukiisha bila ajali unajiuliza pesa zilienda wapi.

Lakini ngoja tufike mwisho wa Aprili. Dola ilikuwa kati ya 130 na 135, basi tutumie 133. Mwenye forwadi amefungwa. Lazima anunue kwa 164, na mzigo unamgharimu shilingi 6,560,000. Mwenye opsheni anaicha haki yake ife, ananunua kwa 133 na kulipa 5,320,000. Ongeza ile ada na jumla ni 5,480,000. Amemzidi mwenzake kwa shilingi 1,080,000.

Milioni moja inauma, ila maumivu zaidi yako dukani. Pampu ya mwenye forwadi imemgharimu 32,800 kabla ya usafiri na ushuru. Ya mwenye opsheni ni 27,400. Jirani ambaye hakujikinga kabisa amepata ya 26,600. Mkulima wa Kibirichia haulizi ulitia sahihi mkataba gani Januari. Anauliza bei, kisha anavuka barabara. Mwenye forwadi atauza kwa hasara au mzigo ukae.

Na je, order ingefutwa? Hili hutokea: muuzaji anachelewa, au kaunti inaahirisha tenda uliyokuwa unaagizia. Opsheni haina shida, umepoteza ada tu. Forwadi bado inakudai. Itabidi ununue dola kwa 164 na kuziuza kwa 133, hasara ya shilingi 31 kwa kila dola. Kwa dola 40,000 hiyo ni 1,240,000, na huna hata pampu moja ya kuonyesha.

Sasa nisikuuzie opsheni kama dawa ya kila ugonjwa. Geuza hadithi. Tuseme Yurobondi ile mpya imekosa wanunuzi na dola imefika 175. Asiyejikinga analipa milioni 7. Mwenye opsheni anatumia haki yake kwa 164, na ukijumlisha ada amelipa 168 kwa dola, yaani 6,720,000. Mwenye forwadi analipa 6,560,000 na kulala usingizi. Dola ikipanda kupita 164, forwadi inaishinda opsheni kila mara, na tofauti ni ile ada. Mwaka wote wa 2023, dola ilipopanda karibu kila wiki, aliyekuwa akinunua opsheni angekuwa analipa ada kwa jambo ambalo forwadi ingemfanyia bila malipo ya mapema.

Kwa hiyo kuna namba mbili za kuandika kwenye karatasi kabla ya kupigia benki. Toa ada kwenye bei ya mkataba: 164 toa 4 ni 160. Dola ikiishia chini ya hapo, opsheni ilikuwa bora kuliko forwadi. Jumlisha ada: 168. Hiyo ndiyo dari yako, bei ya juu kabisa utakayowahi kulipa. Kama kwa 168 pampu zako bado zina faida, uko salama hata shilingi ifanye vituko gani. Kama kwa 168 unauza kwa hasara, shida yako si forwadi wala opsheni. Ni bei uliyopanga kuuzia.

Ada yenyewe inategemea mambo machache. Siku zikiwa nyingi, ada inapanda. Soko likiwa na wasiwasi, inapanda pia, na hii ndiyo kejeli yake: opsheni huwa ghali wakati ule ule kila mtu anapoitaka. Unaweza kuipunguza kwa kuchagua bei ya mkataba iliyo juu zaidi, tuseme 170 badala ya 164. Hapo unabeba mwenyewe sehemu ya kwanza ya kupanda, na benki inabeba kuanzia 170.

Kuna njia nyingine ya kupunguza ada ambayo ningeomba uisome mara mbili. Benki inaweza kukupa opsheni isiyo na ada yoyote. Haijakupa zawadi. Kawaida umeiuzia benki opsheni nyingine upande wa chini, kwa mfano ya 155: dola ikishuka chini ya 155, ni wewe unayelazimika kununua kwa 155. Dari unayo, lakini sasa una sakafu pia. Kwa Aprili ile ungelipa 155 wakati soko liko 133. Bado ni afadhali kuliko 164, ila si uhuru uliodhani umepewa. Swali la kuuliza ni moja tu: "Kuna hali yoyote ambayo nitalazimika kununua?" Jibu likiwa ndiyo, uliza kwa bei gani.

Kuhusu mahali pa kuipata: opsheni za sarafu hununuliwi kwenye soko la hisa. Soko la NEXT la Nairobi lilipoanza 2019 lilianza na mikataba ya hisa. Opsheni ya dola ni makubaliano kati yako na benki, na si kila benki au kila tawi linaiuza, kwa hivyo tawi lako la Meru huenda likakuunganisha na dawati lililo Nairobi. Watataka ankara kuonyesha una malipo ya kweli. Uliza kiasi cha chini wanachokubali, maana mzigo wa dola 3,000 huenda usiwavutie. Uliza pia siku na saa ya mwisho ya kutumia haki yako. Opsheni nyingi za aina hii hutumika siku ya mwisho pekee, kabla ya saa fulani. Meli ikichelewa na malipo yakasogea hadi Mei, opsheni ya Aprili haikungojei.

Jambo dogo linalokosesha watu hesabu: bei inayotangazwa na Benki Kuu ni ya wastani. Benki yako itakuuzia juu kidogo. Linganisha 160 na 168 zako na bei unayouziwa wewe, si ile ya kwenye tovuti.

Mimi ningegawa. Mzigo ambao tayari uko baharini, na bei yake umeshakubaliana na wateja, ningeufunga kwa forwadi, maana hapo unachotaka ni namba moja isiyobadilika. Mzigo ambao bado unaweza kufutwa, au unaonunua wakati dola imekimbia juu ghafla kama Januari ile, ningeulipia opsheni. Mtu mwenye dola 40,000 anaweza kufanya 20,000 hivi na 20,000 vile, benki haikatazi.

Na kama wewe ni mfanyabiashara wa miraa Maua unayeuza Somalia na kulipwa kwa dola, soma haya yote kinyume. Februari 2024 mwenye pampu alipokuwa anashangilia, wewe ndiye uliyekuwa unahesabu shilingi pungufu kwa kila kilo, na opsheni inayokufaa ni ile ya kuuza dola. Hiyo tutaifungulia makala yake.