Nani Aliamua Gari Linunuliwe?

Saa tatu usiku, binti aliye kwenye mafunzo kwa vitendo katika chama cha akiba na mikopo anakabidhiwa rekodi ya kikao cha saa mbili. Asubuhi mwenyekiti anataka muhtasari. Wajumbe wanakatizana, na gari la chama linatajwa kwa bei tatu tofauti.

Anaanza na dakika kumi za mwisho, maana huko mwenyekiti huwa anarudia waliyokubaliana. Safari hii kikao kimevunjika bila majumuisho, basi anarudi mwanzo, akiandika dakika ya kila hoja. Sentensi moja inamtatiza: "Basi, tununue." Je, huo ni uamuzi? Anairudia. Msemaji ni mhasibu, na papo hapo mjumbe mmoja anaomba bei zilinganishwe kwanza. Mwenyekiti anamjibu, "Haya, tuletee wiki ijayo." Kumbe ununuzi umeahirishwa.

Sauti ya mjumbe yule haitambui, na hakisii. Anaandika: "Mjumbe hajatambulika, dakika ya 74, katibu athibitishe." Kwangu huo ndio mstari bora wa muhtasari wote, kwani jina la kubahatisha lingemtwika mtu kazi asiyoijua.