Sanda Iliyoficha Koo la Farao

Farao Ramsesi wa Tatu alifariki mnamo mwaka 1155 kabla ya Kristo. Mwili wake ulikabidhiwa kwa mafundi ambao kazi yao ilikuwa kuzuia maiti isioze, kazi iliyochukua kwa kawaida siku 70.

Baada ya kuosha maiti, mafundi wa Misri walipitisha kulabu puani, wakatoboa mfupa mwembamba na kutoa ubongo. Wakapasua ubavu wa kushoto kwa jiwe kali, wakatoa ini, mapafu, tumbo na utumbo, kwa kuwa uozo huanzia humo. Moyo waliuacha mahali pake. Waliamini ndiko akili inakokaa, na kwamba ungepimwa kwenye mizani ya hukumu huko ahera.

Kazi kubwa ilifanywa na natroni, chumvi ya bonde la Wadi Natrun iliyo jamii moja na magadi yanayolainisha maharage jikoni. Maiti ilijazwa natroni ndani na kufukiwa kwayo nje kwa siku zipatazo 40. Chumvi hiyo ilifyonza maji mwilini hadi bakteria wakakosa unyevu wa kuishi. Mwaka 1994 watafiti Bob Brier na Ronald Wade walijaribu njia hiyo huko Maryland, Marekani, kwa mwili wa mtu aliyejitolea kwa ajili ya sayansi. Kulabu peke yake haikuvuta ubongo. Ilibidi wauvuruge mpaka ukawa majimaji, ndipo ukatiririka. Natroni, kwa upande wake, ilifanya kazi: baada ya siku 35 mwili ulikuwa umekauka bila kuoza.

Mwili uliokauka ulipakwa mafuta na utomvu wa miti, kisha ukaviringishwa vitambaa vya kitani, tabaka juu ya tabaka, na hirizi zikipachikwa katikati.

Shingo ya Ramsesi ilibaki imefunikwa kwa kitani kinene. Hati ya mafunjo iliyohifadhiwa Turin, Italia, inasimulia kesi ya njama dhidi yake, iliyomhusisha mkewe Tiye na mwanawe Pentaware, lakini haisemi mfalme alikufaje. Jibu lilitolewa mwaka 2012, watafiti walipochapisha matokeo ya skani ya CT, inayoona ndani bila kufungua sanda. Koo lilikuwa limekatwa hadi kwenye mfupa, na jeraha kama hilo huua papo hapo. Ndani yake mafundi walikuwa wameweka hirizi ya jicho la Horasi, waliloamini huponya.

Watafiti haohao walichunguza pia maiti ya kijana mmoja asiyejulikana, iliyokutwa katika maficho yaleyale ya miili ya kifalme. Viungo vyake vya ndani havikutolewa, na alifunikwa ngozi ya mbuzi, ambayo Wamisri waliihesabu kuwa najisi. Vinasaba vinaonyesha kuwa yaelekea alikuwa mwana wa Ramsesi. Huenda ndiye Pentaware, ingawa vinasaba hutambulisha ukoo tu, si jina.