Namba iko sawa, lakini pointi imetoka: meta kare na meta kibe mu kaye ya mtoto

Mtoto wa darasa la sita anarudi na kaye ya hesabu, na chini ya jibu moja kuko mstari wa biki nyekundu. Yeye aliandika 24 m². Mwalimu amekata ile 2 ndogo ya juu, ameweka 3 pembeni, na ametosha pointi moja. Baba, aliyetoka posi ya usiku, anarudilia hesabu kwa simu na anapata 24 vilevile. "Namba njo ile ile! Juu ya nini anamutosha mutoto pointi?"

Ulizo ni la haki. Mzazi ambaye anataka kukagua kaye hawezi kuangalia namba tu, kwa sababu mara nyingine namba iko nzuri na jibu liko baya. Tuchukue zoezi lenyewe, tulifuate mpaka mwisho.

Ni basani ya kuoshea mawe. Ukiiangalia kwa juu, ni kama herufi L: chukua mstatili wa meta 5 kwa meta 4, halafu kwenye kona moja kata kipande cha meta 2 kwa meta 2. Chini iko sawasawa pote, na kwenda chini ni meta 1,5. Mtoto anaulizwa vitu vitatu: eneo la chini ni ngapi, basani ikijaa inabeba maji kiasi gani, na ile maji ni lita ngapi.

Umbo kama hilo halina kanuni yake, lazima kulikata. Mtoto mmoja atapiga laini moja ya kulala: mstatili wa chini ni 5 × 2, ni 10, na ule wa juu ni 3 × 2, ni 6. Jumla ni 16. Mwingine atakata kwa kusimama: 3 × 4 ni 12, na 2 × 2 ni 4. Jumla ni 16. Wa tatu atachukua mstatili mzima, 5 × 4 ni 20, halafu atatosha kona iliyokatwa, 4. Inabakia 16. Njia ni tatu, jibu ni moja, ni 16 m². Kwa mzazi, hii njo njia nzuri ya kukagua: usirudilie hesabu ya mtoto kwa njia yake, kwa maana utafuata kosa lake. Kata umbo kwa upande mwingine, uone kama mnakutana.

Kosa linaloonekana sana hapo ni la kuhesabu kipande kimoja mara mbili. Mtoto anaona mkono mrefu wa L, 5 × 2, na mkono wa kusimama, 3 × 4, anajumlisha na anapata 22. Lakini pale mikono miwili inapokutana kuko kipande cha 3 × 2, na yeye amekitia pande zote mbili. Tosha hiyo 6, unarudi kwenye 16. Njia ya kulikamata ni nyepesi: mstatili mzima, kabla ya kukata kona, ni 20. Basani yenye kona iliyokatwa haiwezi kuwa kubwa kuliko mstatili wake. Ukiona 22, usitafute zaidi, kosa liko kwenye kukata.

Sasa maji. Eneo ni 16 m², na maji yanakwenda chini meta 1,5. 16 × 1,5 ni 24. Lakini 24 ya nini? Eneo tulilipata kwa kuzidisha urefu mara upana: meta mara meta, ni meta kare. Hapa tumeongeza meta ya tatu, ile ya kwenda chini. Meta mara meta mara meta ni meta kibe, 24 m³. Kama unaandika m², unasema kwamba basani haina kina, ni sakafu tu ya kupiga sima.

Na usidanganywe na wingi wa namba. Kwenye 5 × 2 + 3 × 2 kuko namba nne, na watoto wengine wanafikiri kwamba kipimo kimepanda. Hapana. Kujumlisha hakubadilishi kipimo: meta kare ukiongeza meta kare inabakia meta kare. Ni kuzidisha kwa urefu mwingine njo kunapandisha.

Baba anaweza kusema bado: sawa, lakini ni alama ndogo tu. Basi tuende kwenye ulizo la tatu. Meta kibe moja ni lita 1 000, kwa hiyo 24 m³ ni lita 24 000. Mtoto aliyeandika m² anafungua meza ya vipimo upande wa meta kare, ambako kutoka kipimo kimoja hadi kingine unazidisha kwa 100, si kwa 1 000. Anapata 2 400 na anaandika lita 2 400. Kwa bidoni za lita 20, yeye anasema bidoni 120. Basani inataka bidoni 1 200. Ile 2 ndogo imekula maji sehemu tisa kwa kumi.

Upande wa pointi, mimi naunga mkono mwalimu, lakini kwa mpaka. Kama kukata ni kuzuri na kuzidisha ni kuzuri, asitoshe pointi zote za volimu, maana mtoto amefanya kazi kubwa. Atoshe moja, na aandike pembeni ni kwa nini. Na kama lita zimekosekana kwa sababu ya ile m² peke yake, asimwazibu mara ya pili kwa kosa lile lile. Kuko walimu wanaotosha pointi kwenye kila mstari mpaka chini, na mtoto anabakia na sufuri kwa kosa moja. Hiyo haimwonyeshi mahali alipopotea.

Mwenye kuandika 24 bila kipimo chochote, naye apoteze pointi. Lakini kosa lake ni lingine: huenda amesahau. Yule wa m² ameandika kitu kisichokuwa kweli, na inafaa kumwuliza alifikiri nini.

Basani ile ile inakubali pia meta kare, na hapo watoto wanachanganya kabisa. Masoni akija kupiga krepi ndani, kazi yake inahesabiwa kwa meta kare. Kuzunguka L yote ni meta 18, mara kimo cha 1,5, ni 27 m² za kuta. Ongeza 16 za chini, ni 43 m². Hapa mtoto akiandika m³ atatoshewa pointi vilevile, hata kama alitumia ile 1,5 ya kwenda chini: kwenye ukuta, 1,5 ni upande wa pili, haiko wa tatu. Lakini mchanga na sima vya ile krepi havipimwi kwa meta kare. Kama unene ni sentimeta 2, mtoto aandike kwanza meta 0,02, ndipo azidishe: 43 × 0,02 ni 0,86 m³, haifiki hata meta kibe moja. Akizidisha 43 × 2 bila kubadilisha sentimeta, atapata 86, na basani yote inabeba 24 tu.